Chembe Moja, Aya Mbili: Venye Unasoma Anwani ya Riwaya na Nukuu ya Mwanzoni Kabla Hujafika Chapta ya Kwanza

Jumamosi moja hapa Njoro tulikuwa watu sita kwa meza, kila mtu na nakala yake ya A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na kabla hatujaanza mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza, hiyo chembe ya ngano ni nani? Sote tukajibu kwa pamoja, ni Kihika, si ndiye alinyongwa akipigania uhuru, chembe ikaanguka ikafa ikazaa. Mzee akasema sawa, sasa fungueni ile karatasi ya mbele yenye aya ya Biblia mnisomee. Tukasoma. Tukanyamaza. Juu aya iliyoko pale si ile tulikuwa nayo vichwani, na tofauti ya hizo aya mbili ndiyo inabadilisha kitabu kizima.

Tangu siku hiyo tumekuwa na mpango wetu wa kusoma karatasi za mbele kabla ya kuingia ndani, na hapa nitauandika hatua kwa hatua, nikitumia kitabu hichohicho. Nitataja mambo ya ndani mpaka mwisho, kwa hivyo kama hujakisoma na hutaki kujua nani alifanya nini, kisome kwanza halafu urudi.

Unahitaji kitabu, peni, nusu karatasi, na chanzo cha nukuu yenyewe. Nukuu ya mwanzoni ni yale maneno machache ya mtu mwingine, iwe Biblia, shairi, wimbo au methali, ambayo mwandishi anayaweka peke yake kwa ukurasa kabla ya hadithi kuanza. Ikiwa imetoka kwa Biblia basi Biblia iwe mezani, ikiwa ni shairi tafuta shairi lote. Bila hicho chanzo utakwama kwa hatua ya pili. Saa moja inatosha.

Hatua ya kwanza: anwani peke yake

Funika kila kitu kingine. Usisome nyuma ya kitabu penye wameeleza stori, juu hapo washakuambia nini cha kufikiria. Andika anwani juu ya karatasi yako halafu ujiulize ni neno gani hapo ndani hukulitarajia.

Wengi wetu tulisoma sekondari tukijibu lile swali la setibuku, "jadili ufaafu wa anwani", na venye nilifundishwa mimi ni kwamba unangoja kumaliza kitabu ndio urudi nyuma ukusanye matukio yanayofanana na anwani, unayapanga hoja ya kwanza hoja ya pili, alama zinaingia. Inasaidia kwa mtihani, siwezi kataa. Lakini imegeuza mambo. Anwani mwandishi ameiweka mbele ndio uingie nayo ndani, ikuonyeshe kitu cha kuangalia, halafu sisi tunaikumbuka wakati kitabu kimeisha.

Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Tulipoifanyia hii hatua kulikuwa na mama mmoja kutoka Kisumu, wa pale karibu na Dunga, na yeye hakuhitaji kuelezwa hiyo anwani na mtu. Dagaa ndiyo omena. Akatuambia omena ikishatolewa kwa ziwa inaanikwa juu ya nyavu chini pale kwa jua, na jua likiwa zuri inakauka siku hiyohiyo, lakini mvua ikinyesha kabla haijakauka imekwisha, inaoza, na huwezi kuficha juu harufu inatembea kuliko wewe. Halafu akasema kitu nilikiandika: huyu anayeozewa alikuwa na mali, alikuwa ameianika, alikuwa anangoja faida. Maana usemi hausemi kidagaa kimeoza, unasema kime-MW-ozea. Kuna mtu ndani ya kitenzi. Basi swali lako la kuingia nalo kitabuni si "nini kitaharibika", swali ni "kitamharibikia nani, na alikuwa ameanika nini". Na ukifika ndani unakuta kuna zaidi ya mtu mmoja wa kuwekwa hapo, Mtemi Nasaba Bora na utawala wake, halafu ndugu yake Majisifu aliyechapisha kwa jina lake mswada ulioandikwa na Amani, na kile kitabu cha wizi kinaitwaje? Kidagaa Kimemwozea. Kiambishi kimoja, MW, kinakufungulia yote hayo ukiwa bado uko kwa kava.

Sasa turudi kwa ngano. A Grain of Wheat, chembe moja ya ngano. Nini hapo hukutarajia? Sisi wa Njoro hatukushtuka hata kidogo, ngano tunaiona kila siku, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu. Mzee akatuuliza watu wa kijiji cha Thabai kwa hiki kitabu wanakula nini. Kumbe ndio hiyo. Ngano huku Bonde la Ufa ilikuja kama zao la mashamba makubwa ya walowezi, haikuwa chakula cha mkulima mdogo wa Kikuyu wa miaka ya hamsini, huyo ana mahindi, maharagwe na viazi. Kama mwandishi angetaka tu picha ya kupanda na kuvuna, punje ya mahindi ingetosha na ingekuwa karibu zaidi na watu wake. Amechagua nafaka ambayo si ya shamba lao. Ukikuta kitu kwenye anwani hakitoki kwa shamba la wahusika, jua kimetoka kwa kitabu kingine, na kazi yako inayofuata ni kujua ni kipi.

Neno la pili la kuangalia ni lile la umoja. Chembe moja. Kwa Kiswahili ukisema "ngano" hatujui ni gunia au punje, lakini hapa mwandishi amehesabu. Andika hilo swali kwa karatasi: kwa nini moja, na ni ipi?

Hatua ya pili: soma nukuu, halafu ufungue ilikotoka

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo yenye kazi nyingi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Nukuu ya mwanzoni ya hiki kitabu ni kutoka 1 Wakorintho 15, kuanzia mstari wa 36. Kwa Biblia yetu ya Kiswahili inasema: "Ewe mpumbavu! Uipandayo haihuiki, isipokufa. Nayo uipandayo, huipandi mwili ule utakaokuwa, ila chembe tupu, ikiwa ni ya ngano au nyingineyo."

Ile ambayo sote tulikuwa nayo kichwani ni Yohana 12:24: "Amin, amin, nawaambia, Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake, bali ikifa, hutoa mazao mengi."

Ziangalie vizuri. Zote zina ngano, zote zina kufa, na ukizisoma mbio utaona ni kitu kimoja. Sasa uliza maswali matatu tu kwa kila moja: nani anasema, anamwambia nani, na kwa sauti gani.

Yohana ni Yesu anaongea juu ya kifo chake mwenyewe, kiko karibu, na sauti ni ya ahadi. Moja ikifa, nyingi zitatoka. Hiyo ndiyo aya ya shujaa, ndiyo unaweza kusikia kwa matanga ya mtu aliyekufa akipigania wengine.

Wakorintho ni Paulo, na anagombana na mtu. Ndio maana nasema fungua chanzo usome mstari wa juu yake, wa 35, wenye mwandishi hakuuweka: "Lakini labda mtu atasema, Wafufuliwaje wafu? Nao huja kwa mwili gani?" Hilo ndilo swali, na "ewe mpumbavu" ndilo jibu. Mtu anataka kujua hao waliokufa watarudi wakiwa na mwili gani, na Paulo anamwambia wewe hujui hata kupanda, kile unachotia kwa udongo sicho kile kitatoka juu.

Umeona venye uzito umehama? Yohana anahesabu, moja inakuwa nyingi. Paulo anaongea juu ya kubadilika. Unapanda hiki, kinatoka kile. Na tena haitaji ngano kwa uhakika, anasema "ikiwa ni ya ngano au nyingineyo", yaani inaweza kuwa ngano, inaweza kuwa kitu kingine.

Jirani yetu mmoja analima ngano ekari chache upande wa Mau Narok, na siku hiyo alituambia ukienda shambani wiki mbili hivi baada ya kupanda ukang'oa mche mmoja polepole, utakuta ile punje bado imening'inia pale chini kwa mizizi, lakini ukiifinya ni ganda tu, ndani ni maji maji, chakula chote kimepanda juu kwa jani. Mche hauko kama punje hata kidogo, ni kijani, unafanana na nyasi. Kama hujui ngano utaung'oa ukidhani ni magugu. Hiyo sentensi yake ya mwisho tuliiandika kwa karatasi vilevile, na nitairudia baadaye.

Jambo lingine kwa hatua hii, angalia nukuu imekatwa wapi. Mwandishi angeweza kuendelea na mstari wa 38, penye Mungu anaipa kila mbegu mwili wake kama apendavyo, lakini amesimama kabla ya hapo. Amekuachia lawama na chembe tupu, mwili mpya hajakuonyesha. Mahali nukuu inakatwa ni uamuzi, uangalie kama vile unaangalia mahali mshairi amekata mshororo.

Hatua ya tatu: weka anwani na nukuu pamoja uone penye hazikutani

Ukiweka hizo mbili pamoja, kuna penye zinaelewana na kuna penye zinavutana, na hapo penye zinavutana ndipo maana iko.

Anwani inasema chembe ya ngano, kwa uhakika. Nukuu inasema ngano au nyingineyo. Anwani haimtusi mtu, nukuu inaanza na tusi. Mtu anayejua Biblia akiona anwani kwa kava anaenda moja kwa moja kwa Yohana, kwa ahadi, halafu akifungua anakutana na Paulo akimwambia ewe mpumbavu. Mimi naona ni kama mwandishi alijua tutaenda Yohana, akatungoja pale.

Kama kuna karatasi nyingine kabla ya chapta ya kwanza, isome hapa pia. Kwa hiki kitabu kuna maelezo mafupi ya mwandishi, aliyaandika akiwa Leeds, Uingereza, Novemba 1966, na kitabu kikatoka 1967. Anasema wahusika ni wa kubuni, kawaida tu, lakini anaendelea kwamba hali na matatizo yaliyomo ni ya kweli, na wakati mwingine yanawauma sana wakulima waliopigana na Waingereza na sasa wanaona yale yote waliyoyapigania yamewekwa kando. Ni miaka mitatu tu tangu Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, na tayari anasema hivyo.

Chukua hayo maelezo uyaweke chini ya aya ya Paulo. Huipandi mwili ule utakaokuwa.

Hatua ya nne: andika tabiri moja inayoweza kukosea

Hapa usiandike "kitabu kitahusu kujitolea", hiyo haiwezi kukosea kwa hivyo haina faida. Andika kitu ambacho kitabu kinaweza kukukatalia. Sisi tulikuwa na tatu mezani.

Kijana mmoja wa chuo aliandika: mtu mmoja atakufa na nchi itapata uhuru mzuri kwa sababu yake. Huyo alishikilia Yohana. Mama wa Kisumu akaandika: kile watu wamekingoja kitakuja lakini hawatakitambua, au watakitambua na hawatakipenda. Mimi niliandika kwamba mtu ambaye kila mmoja anamwona mpumbavu au hafai ndiye atakuwa mbegu, na nilikuwa nusu sawa nusu nimepotea, nitaeleza.

Hatua ya tano: jaribu tabiri yako mahali patatu

Kwanza ukurasa wa kwanza. Kitabu kinaanza na Mugo, mkulima wa hapo Thabai, amelala chali akiota, anaangalia paa la nyumba yake, masizi yamening'inia, na kuna tone la maji safi liko juu yake, linanenepa likichukua chembe za masizi, linashuka kuelekea macho yake na hawezi kujisogeza. Umeona hiyo? Chembe ya kwanza tunayokutana nayo ndani ya hadithi si ya ngano, ni ya masizi, na iko ndani ya tone lililokuwa safi. Mtu ambaye hajasoma karatasi za mbele atapita hapo bila kusimama. Wewe mwenye umetoka kwa "ngano au nyingineyo" unasimama. Usiseme umemaliza kitabu kwa hilo tone moja, weka alama kwa peni uendelee.

Pili, penye nukuu nyingine zinatokea katikati. Hiki kitabu kina zawadi hapo, juu Kihika alikuwa na Biblia yake aliyoipigia mistari, na zile aya zinatokea juu ya baadhi ya chapta. Utakuta Kutoka, Musa na Farao, wape watu wangu ruhusa. Na ile Yohana 12:24 tuliyoitafuta mwanzoni iko, tulia, lakini imengoja mpaka karibu na sehemu ya siku ya Uhuru yenyewe, na imekuja ikiwa aya iliyopigiwa mstari na Kihika. Hapa ndipo mzee alituambia tuweke kitabu chini tufikirie. Aya ya ahadi, moja ikifa nyingi zinatoka, mwandishi ameiweka kwa mkono wa Kihika. Ni imani ya Kihika. Ile aya ya mbele ya kitabu, ya "ewe mpumbavu", hiyo haijapigiwa mstari na mhusika yeyote, hiyo ni ya mwandishi na inakaa juu ya wote, Kihika akiwemo. Kwa hivyo kama ulikuwa unasoma kitabu chote kwa macho ya Yohana, ulikuwa unasoma kama Kihika, ambaye alinyongwa kabla ya kuona kile kitatoka.

Tatu, mwisho. Sasa chukua maneno ya nukuu moja moja uulize yameangukia nani.

"Huipandi mwili ule utakaokuwa." Gikonyo na wenzake wanataka kununua shamba la Mzungu, wanamwendea mbunge awasaidie kupata mkopo, mbunge anawazungusha zungusha, mwishowe wanakuta mbunge mwenyewe ndiye amelinunua. Mtu mweusi amechukua shamba la mlowezi, kwa makaratasi huo ni uhuru umechipuka. Lakini si mwili uliopandwa. Mama wa Kisumu hapo alinyamaza tu akatuonyesha karatasi yake.

"Isipokufa." Kihika amekufa, ndiyo. Lakini kijiji kizima kimekosea juu ya nani ni nani. Wanamtaka Mugo awe msemaji siku ya sherehe, wamemfanya shujaa, na wakati huohuo wanamshuku Karanja, aliyekuwa upande wa Wazungu, kuwa ndiye alimsaliti Kihika. Ni yale maneno ya jirani yetu, mche wa ngano unafanana na nyasi. Mugo ndiye alimsaliti. Alitaka tu kuachwa peke yake na shamba lake, na Kihika akaja kwake usiku. Na mbele ya watu wote anasimama anasema ni yeye, halafu anahukumiwa. Tabiri yangu ilipotea hapa: nilidhani atakuwa mtu anayeonekana hafai, kumbe ni mtu anayeonekana anafaa kuliko wote. Lakini kuhusu mbegu, angalia kinachotokea baada ya yeye kukiri. Jina la shujaa limekufa, na yeye mwenyewe amekufa, na hapo ndipo wengine wanaanza kusema ukweli wao. "Hukaa hali iyo hiyo peke yake" ni maneno ya Yohana, na nani kwa hiki kitabu alikuwa peke yake kuliko Mugo?

Halafu kuna Gikonyo na Mumbi, ndoa iliyokufa wakati Gikonyo yuko kizuizini, akarudi akakuta mke ana mtoto wa Karanja. Gikonyo ni fundi wa mbao, na kwa muda mrefu amekuwa akiwaza kigoda cha kumchongea Mumbi. Kwa kurasa za mwisho kabisa, akiwa hospitalini, anabadilisha ile picha atakayoichonga kwa hicho kigoda, anaamua mwanamke aliye hapo awe mjamzito. Kuna kitu ndani, hakijazaliwa, mwili wake hatuuoni. Kitabu kinaisha palepale nukuu ilipokatwa, kabla ya mstari wa 38.

Kwa hivyo kwa lile swali la mzee, chembe ni nani, mimi nasema umoja wa anwani ni mtego wa heshima, unakufanya utafute mtu mmoja na kila ukimshika unakuta mwingine. Wenzangu wawili hawakubaliani na mimi mpaka leo, wanashikilia ni Mugo peke yake, na wana hoja.

Penye watu hukosea, na venye utajua

Kosa la kwanza ni kusoma lugha yako ndani ya anwani ya lugha nyingine. Kwa Kiswahili ngano ni nafaka na ngano pia ni hadithi za kale, na kijana wetu wa chuo alifurahi sana akasema basi ni chembe ya hadithi. Inapendeza, na kama kitabu kingeandikwa kwa Kiswahili ningekaa hapo siku nzima. Lakini kiliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hilo neno halina maana ya hadithi. Kipimo ni rahisi: je, hiyo maana mbili iko kwa lugha ambayo mwandishi aliandika? Kama haiko, ni yako wewe, ifurahie lakini usimbebeshe mwandishi.

La pili linahusu tafsiri, na hili ni letu sana. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ya 1958, imechukua jina kwa shairi la Yeats, mshairi wa Ireland, lililochapishwa 1920, na mistari minne ya hilo shairi ndiyo nukuu ya mwanzoni: mwewe anazunguka mbali zaidi na zaidi mpaka hasikii tena anayemwita, vitu vinavunjika, katikati hapawezi kushikilia. Yeats alikuwa analilia dunia ya Ulaya baada ya vita, na Achebe amechukua kilio hicho akakipa kijiji cha Waigbo ambacho kinavunjwa na haohao watu wa Ulaya. Anwani inaangalia jamii, nyumba yote inaporomoka. Ilipokuja kwa Kiswahili ikaitwa Shujaa Okonkwo. Simlaumu mtafsiri, jina linavutia msomaji, lakini ona jicho limehamishwa kutoka kijiji kwenda kwa mtu mmoja, na msomaji wa Kiswahili anaingia akingoja shujaa wakati msomaji wa Kiingereza anaingia akisikiliza ufa. Kitabu chake cha pili kilikuwa na bahati zaidi, No Longer at Ease kikawa Hamkani si Shwari Tena, na hapo ile hali ya kutotulia imebaki. Basi ukisoma tafsiri, tafuta anwani ya kwanza kabla ya hatua ya kwanza, na ziandike zote mbili kwa karatasi yako.

La tatu ni nakala zenyewe. Zile za kutolewa fotokopi, na hata za mitumba ambazo karatasi za mbele zimechanika, mara nyingi zinaanzia moja kwa moja chapta ya kwanza. Mmoja wetu alisoma hiki kitabu mara mbili miaka ya nyuma bila kujua kina nukuu yoyote. Angalia namba za kurasa, kama ukurasa wa kwanza ulio nao ni hadithi na hakuna jina la mchapishaji popote, kuna karatasi hukupewa, omba ya mwenzako uipige picha kwa simu.

Na la mwisho, kuna nukuu ambazo ni pambo tu. Ukishafika kama robo ya kitabu na hakuna neno hata moja la nukuu lililorudi, si picha yake, si swali lake, iache. Usiivute kwa nguvu. Ya Ngũgĩ ilirudi ukurasa wa kwanza.

Mwezi ujao tuna The Promised Land ya Grace Ogot, ya 1966, Waluo wawili waliooana karibuni, Ochola na Nyapol, wanaovuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Anwani ni nchi ya ahadi, na chanzo chake kila mtu anakijua, Israeli na Kanaani. Tulifanya hatua ya kwanza tu Jumamosi iliyopita kabla mvua haijatufukuza, na karatasi ya mama wa Kisumu ilikuwa na mstari mmoja: kwa Biblia aliyeahidi ni Mungu, huyu Ochola ameahidiwa na nani?